Kozi niliyorudia imehesabiwa mara mbili, GPA imeshushwa daraja, na ofisi inaniambia "mfumo haukosei"

Nuru ya Kusi (mtoa mada)

Wakuu, nina hasira, na sitazipunguza makali ili mtu asikwazike.

Transkripti yangu imetoka ikiwa na GPA ya 3.4, yaani daraja la pili la chini. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Nimechukua kalamu nikapiga hesabu kozi moja baada ya nyingine, na ninachokiona ni uonevu ulioandikwa kwa tarakimu.

Takwimu ni kozi ya krediti 12. Mwaka wa pili nilifeli, nikapata E. Mwaka wa tatu niliirudia yote, vipindi, majaribio na mtihani, nikapata C. Transkripti inaonyesha mistari yote miwili, na hilo sina ugomvi nalo, nilifeli kweli. Ugomvi wangu uko chini kabisa kwenye jumla: imeandikwa krediti 372. Programu yangu ina krediti 360! Zile 12 za ziada ni Takwimu ileile, imeingizwa mara ya pili.

Kwetu A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni sifuri. Pointi zangu zote, baada ya kuzidisha kila kozi kwa krediti zake, ni 1,284. Ukigawanya kwa 372 unapata 3.45, wanakata desimali ya pili, inabaki 3.4. Ukigawanya kwa 360 unapata 3.56, unakata, ni 3.5. Pointi ni zilezile kwa sababu E haikuleta kitu. Ilicholeta ni krediti 12 za kunigawanyia.

Nimepeleka hesabu hii ofisi ya mitihani. Aliyenipokea hakuigusa hata karatasi. Jibu: "Mfumo ndio unaokokotoa, mfumo haukosei." Sasa mfumo si umepangwa na watu? Kuna nafasi za masomo zinazotaka 3.5 na dirisha linafungwa. Nani amepitia hili akasikilizwa?

Mwana wa Hesabu

Pole dada, lakini nadhani wako sahihi. Njia rahisi ya kuhakiki ni kuchukua GPA ya kila mwaka, ujumlishe, ugawanye kwa miaka. Weka za kwako hapa tuone.

Halafu 3.45 kwa kawaida inapanda kuwa 3.5. Hapo ndipo ungelalamikia.

Nuru ya Kusi

Mwaka wa kwanza 3.4, wa pili 3.3, wa tatu 3.6.

Mwana wa Hesabu

Jumla 10.3, gawanya kwa 3 unapata 3.43. Ndiyo hiyohiyo 3.4 yao. Hakuna kosa.

Chanda Chema

Dada, omba mtihani usahihishwe upya. Mimi nililipia, nikaongezewa alama nne. Walimu wengine wanachoka, wanaruka maswali.

Nuru ya Kusi

Chanda, asante, ila sipingi usahihishaji. Alama nazikubali zote. Napinga jinsi zilivyojumlishwa.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya kuandaa matokeo chuoni kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo.

Mwana wa Hesabu, njia yako ina matatizo mawili. La kwanza, miaka haina uzito sawa. Mtoa mada, kama umerudia kozi mwaka wa tatu, mwaka huo lazima umebeba krediti 132 wakati mingine ina 120. Ukichukua wastani wa miaka unaupa kila mwaka sauti sawa. La pili ndilo kubwa: 3.3 ya mwaka wa pili tayari ina ile E ndani yake. Umechukua namba yenye ugomvi ukaitumia kuhakikisha kwamba hakuna ugomvi. Ni lazima ilingane! Pointi za mwaka wa pili ni 396. Kwa krediti 120 ni 3.3, lakini ukiitoa E zinabaki krediti 108, na mwaka huohuo unakuwa 3.66. Uhakiki huanzia kwenye mstari wa kozi, hauanzii kwenye wastani ambao mtu mwingine ameshautengeneza.

Kuhusu kupandisha 3.45, vyuo vingi vinavyotumia desimali moja vinakata, havikadirii. Hata 3.49 inaandikwa 3.4. Inauma, lakini kama imeandikwa kwenye kanuni hutashinda hapo.

Mtoa mada, nawe usikimbilie kusema wamekuonea. Swali ni moja tu: kanuni zako zinasemaje kuhusu kozi iliyorudiwa? Nimeona aina tatu. Kuna mahali gredi mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani, na mstari wa zamani unabaki kuonekana bila kuhesabiwa. Kuna mahali majaribio yote mawili yanahesabiwa, na hapo 372 yao ni halali kabisa. Na kuna mahali inachukuliwa gredi iliyo bora kati ya mbili, ambayo si lazima iwe ya mwisho. Tafuta kanuni za mwaka uliodahiliwa, usichukue za mwaka huu.

Ukishazipata, weka kozi zako kwenye Excel. Safu ya C iwe krediti, D iwe pointi ya gredi, na E uandike 1 kwa mstari unaohesabiwa na 0 kwa usiohesabiwa. Kama una mistari 36:

```
=SUMPRODUCT(C2:C37,D2:D37,E2:E37)/SUMPRODUCT(C2:C37,E2:E37)
```

Badilisha ile 1 ya mstari wa E ya Takwimu kuwa 0, utaona GPA ikihama mbele ya macho yako. Karatasi ya namna hiyo karani hawezi kuikwepa, kwa sababu anaona mstari gani hasa unaubishia.

Jahazi

Hii mada imenigusa. Mimi niliingia na stashahada, nikasamehewa kozi tano. Kwenye transkripti zimeandikwa bila gredi, lakini krediti zake zipo. Je, na mimi nimegawanyiwa?

Karani Mstaafu

Jahazi, jumlisha krediti za kozi zenye gredi peke yake, uzidishe kwa GPA yako, uone kama unakaribia pointi zako. Ukikuta pointi zako ukizigawanya kwa krediti zote, pamoja na za kusamehewa, ndipo inatoka GPA iliyoandikwa, una kesi. Krediti za kusamehewa zinakusaidia kufikisha idadi ya kuhitimu. Kozi isiyo na gredi haina pointi, kwa hiyo haifai kukaa kwenye kigawanyo. Krediti ulizokamilisha na krediti zinazoingia kwenye GPA ni jumla mbili tofauti, na transkripti nyingi zinaandika moja tu bila kusema ni ipi.

Nuru ya Kusi

Nimerudi. Kanuni za mwaka wangu zinasema gredi ya kurudia "itachukua nafasi ya gredi ya awali katika ukokotoaji." Nafasi ya! Haikuandikwa itaongezwa juu yake. Za sasa, walizozibadilisha mimi nikiwa mwaka wa tatu, zinasema majaribio yote yanahesabiwa. Wamenipima kwa kanuni iliyokuja nikiwa tayari nimeshafeli na nimeshajisajili kurudia. Hasira zangu zimeongezeka.

Na nimefanya ile Excel. Nikiweka 0 inatoka 3.5667. Nikiweka 1 inatoka 3.4516. Nimechapa zote mbili.

Mwana wa Hesabu

Sawa, kwenye wastani wa miaka nimeelewa. Lakini uangalie jambo jingine: aliyerudia hapewi zaidi ya C, hata apate 80. Hiyo C yako yawezekana imekatwa.

Karani Mstaafu

Hiyo ni ya sapu, mara nyingi. Sapu unafanya mtihani peke yake, ndiyo maana wanaweka ukomo wa C. Aliyerudia kozi nzima, mahali pengi, anapewa gredi anayoistahili. Ila umenikumbusha jambo. Mtoa mada, C yako ya Takwimu ni alama ngapi, na uliisomaje?

Nuru ya Kusi

Imeandikwa 47. Kazi za muhula zina uzito wa 40, mtihani wa mwisho 60. Mwaka wa tatu kazi za muhula nilipata 24 kati ya 40, karatasi iliyobandikwa ninayo. Mtihani nilipata 56 kati ya 100.

Karani Mstaafu

Basi piga hesabu nami. 56 kwa uzito wa 60 ni 33.6. Ongeza 24, unapata 57.6, inaandikwa 58. Kwa kiwango chenu B inaanzia wapi?

Nuru ya Kusi

50.

Karani Mstaafu

Mwaka wa pili kazi za muhula ulipata ngapi?

Nuru ya Kusi

13.

Karani Mstaafu

13 na 33.6 ni 46.6. Ndiyo 47 yako hiyo. Mtihani wako mpya umeunganishwa na kazi za muhula za zamani. Hili hutokea pale mtu anayerudia anapoingizwa kwenye mfumo kama mtu wa sapu, maana mahali pengine mwenye sapu hubeba kazi zake za awali. Si lazima pawe na mtu mwenye nia mbaya, ila kosa ni kosa.

Nuru ya Kusi

Kwa hiyo waliniibia hata gredi! Nilihudhuria vipindi muhula mzima, nikafanya kila jaribio, wakaitupa kazi yangu yote.

Karani Mstaafu

Tulia, uandike barua mbili, usichanganye mambo. Kosa la kazi za muhula linaanzia idarani, kwa mwalimu wa kozi, yeye ndiye mwenye karatasi ya alama na ndiye anayeomba marekebisho. La krediti 372 ni la ofisi ya mitihani. Na elewa kipi kinakuvusha. C ikiwa B unaongeza pointi 12, unafika 1,296. Kwa krediti 372 hiyo ni 3.48, wakikata bado ni 3.4. Gredi peke yake haikutoi ulipo. Kigawanyo kikirekebishwa kuwa 360, unavuka hata na C. Vyote viwili vikirekebishwa ni 3.6 kamili. Ukienda na hoja ya gredi tu watakurekebishia, watakuonyesha kuwa daraja halijabadilika, na faili litafungwa.

Msomi wa Jioni

Mimi sikubaliani kuhusu kanuni. Kwetu tulisaini fomu ya usajili kila mwaka, na ndani yake kuna mstari kwamba tunakubali kanuni "kama zitakavyorekebishwa." Wakikutolea fomu hiyo, hoja ya mwaka wa udahili inaanguka.

Karani Mstaafu

Inaweza kuanguka, inaweza isianguke. Inategemea kama marekebisho yenyewe yana kifungu cha mpito. Nimeona yaliyosema yanaanza na waliodahiliwa mwaka ule kwenda mbele, na nimeona yaliyokaa kimya.

Nuru ya Kusi

Ukurasa wa marekebisho ninao, hausemi lolote kuhusu sisi tuliokuwa tumeshaanza. Fomu nimeitafuta, na mstari huo upo kweli, nimeusaini.

Barua ya idarani nimeipeleka leo pamoja na karatasi ya 24 kati ya 40. Mwalimu ameiangalia na amekiri kuwa alama zangu mpya anazo kwenye daftari lake. Ya ofisi ya mitihani naipeleka kesho, na nitadai wanijibu kwa maandishi ni kifungu kipi kimewapa ruhusa ya kunigawanyia 372. Mwenye nakala ya uamuzi kuhusu mtu aliyebadilishiwa kanuni akiwa katikati ya masomo, tafadhali aniandikie.