Nimetakiwa heri ya kuzaliwa na watu zaidi ya mia mbili, nataka kumjibu kila mmoja. Nianzie wapi?

Mwalimu_Kihonda
Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Nimetimiza miaka 40. Mdogo wangu aliweka picha yangu kwenye stetasi yake, mwalimu mwenzangu akaitupia kwenye grupu la shule, basi salamu zikamiminika. Kwenye WhatsApp zipo za grupu la ukoo, za kwaya, za walimu, za tuliosoma pamoja chuo, na wazazi wa wanafunzi wangu wa darasa la saba wameniandikia moja kwa moja. Facebook nako wamejaa. Kwa kukadiria ni zaidi ya mia mbili.

Najua wengi huandika "Asanteni nyote, siwezi kumjibu mmoja mmoja, Mungu awabariki" wakamaliza. Mimi moyo unakataa. Kuna mama mmoja ameniandikia maombi marefu kwa jina langu, na baba yangu mdogo aliyeko kijijini najua ameazima simu ya mjukuu wake ili anitumie maneno mawili. Nataka kila mtu aone nimemsoma yeye.

Tatizo ni kwamba jana usiku nilianza, na nilipofika kama mtu wa thelathini maneno yakaniishia, wote nawaambia "Asante sana, ubarikiwe". Halafu nusu yao wakanijibu tena, nami ikabidi niwajibu tena. Nyie mnafanyaje?

Kijana_wa_Temeke
Hongera mwalimu. Usijichoshe. Tengeneza orodha ya matangazo kwenye WhatsApp, waingize wote, andika ujumbe mmoja mzuri utume. Kila mmoja ataupata kwake kama vile umemwandikia peke yake, hatajua kuna wengine. Orodha moja inachukua watu 256, kwa hiyo wako wote wanaenea.

Fundi_Simu_Msimbazi
Hiyo 256 ni sahihi, na ni kweli kila mmoja ujumbe unamfikia kwake. Lakini unamfikia aliyehifadhi namba yako tu. Wazazi wengi wana namba ya mwalimu kwenye grupu la darasa bila kuihifadhi, hao hawatapata kitu, na wewe utadhani umewashukuru wote. Halafu mama aliyekuombea kwa jina lako akipokea maneno yasiyo na jina lake ataelewa tu. Kwa alichouliza mwalimu, njia hii haifai.

Kaka_wa_Maskati
Dada yangu pole kwa usumbufu. Ingia kwenye mipangilio ya Facebook ufiche tarehe yako ya kuzaliwa, mwakani hawatakusumbua. Mimi niko Oman, niliificha tangu nilipoanza kazi huku, na mwaka huu ni mke wangu na mama yangu tu walionikumbuka. Kimya kabisa.

Mwalimu_Kihonda
Asante kaka, lakini hawajanisumbua hata kidogo. Nimefurahi sana, ndiyo maana nataka kuwajibu vizuri. Na kwa kuwa umetaja, nakutakia heri ya mwaka wako mpya hata kama tarehe imepita.

Kaka_wa_Maskati
Amina dada. Umenigusa.

Bi_Mkubwa_Chumbageni
Mwanangu, hongera kwa kutimiza arubaini. Mimi ni katibu wa grupu la ukoo wetu huku Tanga, salamu za kuzaliwa, za harusi na za misiba zote zinapita mikononi mwangu, kwa hiyo nikueleze ninavyofanya.

Kwanza usijibu kwa kufuata nani ameingia mwanzo. Ukifuata mpangilio wa simu, nguvu yako yote inawaishia walioamka mapema, na baba yako mdogo utamfikia umechoka. Wakubwa waanze, na hao usiwaandikie, wapigie. Aliyeazima simu hatausoma ujumbe wako, simu imesharudi kwa mwenyewe. Mpigie huyo mjukuu saa ya jioni, mwambie akupe babu. Dakika mbili zinatosha: shikamoo, nimepata baraka zako, habari za hapo nyumbani.

Baada ya wakubwa, shika walioweka picha yako kwenye stetasi. Stetasi inakaa saa 24 halafu inafutika, na ukishachelewa hukumbuki tena nani aliweka ipi. Ukiwahi, mjibu palepale kwenye stetasi yake ili jibu lako liambatane na ile picha. Ukiwa umechelewa, mwandikie ukiitaja picha yenyewe: "Ile picha ya mahafali umeitoa wapi, mimi mwenyewe nilikuwa sina."

Sasa maneno. Yamekuishia kwa sababu unatafuta namna nyingi za kusema asante, na asante ni moja tu. Iache iwe ileile kwa wote, kitakachobadilika ni jina lake na kitu kimoja kinachomhusu yeye. Mzazi akikuandikia, "Heri ya kuzaliwa mwalimu, Mungu akupe maisha marefu. Mama Rehema," mjibu: "Amina, asante sana Mama Rehema. Rehema siku hizi ananyoosha mkono darasani, nami nafurahi kumfundisha." Mistari miwili tu, lakini haiwezi kwenda kwa mzazi mwingine yeyote.

Na urefu wa jibu upime kwa undugu wenu, usiupime kwa urefu wa alichoandika. Mjomba anaweza kukuandikia "HBD" kwa sababu vidole ni vizito, na mtu mnayepishana tu kanisani akakuletea shairi lililosambazwa mara nyingi. Mjomba apewe shikamoo na maneno ya kutosha. Yule wa shairi usilijibu shairi, mjibu yeye kwa jina, inatosha.

Kuna wa kusoma kwa uangalifu zaidi: mwenye msiba, mgonjwa, aliyepoteza kazi. Mtu aliyezika mwezi uliopita akikutakia heri, usianze na furaha yako. Anza na yeye: "Dada Neema, bado tuko nawe kwa msiba wa mama. Kunikumbuka katika kipindi hiki kumenigusa sana."

Msafiri_Likoni
Hujambo mwalimu. Hapa Mombasa mimi hutuma ujumbe wa sauti. Sekunde kumi na tano, unataja jina, unacheka kidogo, mtu anasikia uko naye kweli. Ni haraka kuliko kuandika, na hakuna anayeweza kusema umekopi.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Kwa rafiki wa karibu sawa. Kwa mzazi wa mwanafunzi hapana. Mimi nikiwa wodini siwezi kufungua sauti, inakaa siku mbili bila kusikilizwa, na wapo wanaoona uzito kusikiliza ujumbe wa sauti wa mtu wasiyemzoea. Maandishi mafupi nayasoma hata nikitembea.

Msafiri_Likoni
Nakubali kwa walio kazini. Lakini wazee wasioona maandishi vizuri, sauti inawafaa.

Mwalimu_Kihonda
Bi Mkubwa, shikamoo, na asante. Baba mdogo nimeshampigia, tumeongea mpaka habari za mbuzi. Nimebaki na maswali mawili. Kwenye magrupu nijibu vipi? Grupu la ukoo lina watu karibu tisini, nikimjibu kila mtu pale simu za watu zitalia mpaka usiku. Na wale wanaojibu jibu langu, nawamalizaje bila kuwakata?

Bi_Mkubwa_Chumbageni
Marahaba mwanangu.

Kwenye grupu andika ujumbe mmoja, lakini wataje. Kwa mfano: "Shangazi Zuhura, baba mkubwa, kaka Idi na wote mlioniombea leo, nimesoma kila neno. Mmoja mmoja nakuja kwenu." Halafu uende kweli. Bonyeza ujumbe wa mtu kwa muda, kwenye vidoti vitatu chagua kumjibu faraghani. Maneno yake yataambatana na jibu lako, ataona unajibu lipi hata zikipita siku tatu.

Kuhusu wanaokurudia, angalia sentensi yako ya mwisho. Ukimaliza na "Habari za huko?" umefungua maongezi, na ukiyafungua kwa watu mia mbili huwezi kuyahudumia. Maliza kwa dua: "Mungu akuzidishie nawe." Wengi watasema amina, na amina unaiwekea moyo tu juu yake bila kuandika. Swali liweke kwa unaotaka kuongea nao kweli, na hao wape siku tofauti tofauti.

Kijana_wa_Temeke
Na watani je? Mimi Mzaramo, rafiki yangu Mnyamwezi ameniandikia "Umezeeka, tugawane urithi." Nikimjibu kwa heshima na dua atajua nimenuna.

Bi_Mkubwa_Chumbageni
Huyo mrudishie utani wake, tena uzidishe.

Fundi_Simu_Msimbazi
Naongeza ya kiufundi. Ukifungua ujumbe bila kujibu unajichanganya na waliokwisha kujibiwa. Ubonyeze kwa muda ule mstari wake kwenye orodha, uurudishe uwe haujasomwa, kisha tumia kile kichujio cha juu kinachoonyesha ambao hawajasomwa tu. Hapo unajua umebakiza wangapi hata ukijibu kwa vipande vipande.

Facebook usibandike sentensi ileile haraka haraka chini ya kila salamu. Mfumo unaweza kukuona unatuma taka ukakuzuia kutoa maoni kwa muda. Na kule majibu yote yako wazi, kila mtu anaona mwenzake ameambiwa nini, kwa hiyo jina na lile jambo moja la Bi Mkubwa ni muhimu zaidi kuliko WhatsApp.

Na tahadhari: ukijibu wengi kwa haraka, asipenye anayesema "nimekutumia zawadi, nitajie namba sita zilizoingia kwenye simu yako". Hizo ni namba za kuhamishia WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Hata kama ujumbe umetoka kwa rafiki, inawezekana akaunti yake imeshaibiwa. Mpigie.

Mwalimu_Kihonda
Nimewaelewa. Wazazi nimewapanga kwa daftari la mahudhurio, kila jina la mtoto linanikumbusha jambo la kuandika, na kazi imekuwa nyepesi. Nawajibu kumi na tano hivi baada ya vipindi, siwalazimishi kuisha leo.

Kuna mmoja amenibakia. Mwalimu mwenzangu, hatusemeshani tangu mwaka jana kwa jambo la ratiba. Ameniandikia kwenye grupu la walimu, maneno mazuri na marefu, mbele ya wote. Nimjibu palepale au faraghani?

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Palepale. Amekusalimia hadharani, ukimjibu kwa siri walimu wote wataona umempita.

Bi_Mkubwa_Chumbageni
Mimi ningeanza faraghani. Hadharani atajibu kwa ajili ya watu. Mwandikie kwanza: "Asante mwalimu, maneno yako nimeyapokea kwa moyo." Ukiona amejibu, ndipo umtaje kwenye grupu na wengine.

Msafiri_Likoni
Mimi niko na nesi. Na ingekuwa mimi, ningekutana naye ofisini kabla ya Jumatatu.

Mwalimu_Kihonda
Naandika sasa hivi, faraghani na kwenye grupu kwa pamoja. Akijibu nitawaambia.