Mrejesho: mhadhara wa mswada kuwa sheria umegeuka mchoro

Swali langu lilikuwa: "Nawezaje kuugeuza mhadhara wa jinsi mswada unavyokuwa sheria nchini Kenya kuwa mchoro wa mtiririko, bila vishale kugongana baada ya hatua ya Rais?"

Nashukuru kwa ushauri wa kuacha kuchora hatua na kuanza na maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana, kwa kuwa ndipo nilipoona kosa langu. Katika hatua ya Rais nilikuwa nimeweka vishale viwili tu, kutia saini na kurudisha, ilhali Ibara ya 115 ya Katiba ya 2010 ina njia ya tatu, yaani kimya: siku 14 zikipita bila Rais kufanya lolote kati ya hayo mawili, mswada huhesabiwa kuwa umeidhinishwa.

Mswada ukirudishwa, swali linalofuata ni kama Bunge limeyakubali mapendekezo ya Rais kikamilifu. Likiyakubali, Spika huuwasilisha upya. Likiyakataa, au likiyakubali nusunusu (hapa ndipo nilipokuwa nikipotea), huhitajika theluthi mbili, yaani wabunge 233 kati ya 349 wa Bunge la Kitaifa, pamoja na wajumbe wa kaunti 32 kati ya 47 iwapo mswada unahusu Seneti. Idadi hiyo ikipatikana, Rais ana siku 7 za kuidhinisha, na sikuchora tena kishale cha kurudisha, kwa sababu hana nafasi hiyo mara ya pili.