Nimelipia praima, nimeletewa takataka

Mpwani_Kisauni
Wallahi nimechoka. Wiki 3 nasubiri praima zifike Mombasa, nataka kutambua samaki kwa DNA, na jeli inanitolea bendi chafu chini kabisa, chini ya 100. Bendi ya kweli ni hafifu, utaiona ukikaza macho. Aliyenitengenezea anajibu tu, "Nambari zote ni nzuri." Hizi hapa, za mbele:

```
AACATCAGACATAGGAGCTC
```

Herufi 20, G na C ni 9, yaani asilimia 45. Nimepiga hesabu, 2 kwa kila A au T, 4 kwa kila G au C: Tm 58. Ya nyuma inapata 60. Sasa kosa langu liko wapi?

Chumvi_Likoni
Pandisha joto la kushika, kaka. Uko 55? Nenda 62, uchafu utaondoka.

Mpwani_Kisauni
Nilienda 62. Uliondoka, na bendi yangu pia ikaondoka!

Bi_Jeli
Mwanangu, soma herufi 6 za mwisho: GAGCTC. Zigeuze, kisha weka mwenzi wa kila herufi. Unapata GAGCTC ileile. Praima mbili za mbele zinashikana mkia kwa mkia, na enzaimu inazirefusha kwa sababu mwisho wa 3′ umekaa sawa. Kipande hicho kina 34 tu. Asilimia na Tm haziwezi kukuonyesha hilo, hazijali herufi zimepangwaje. Hiyo GAGCTC ndiyo SacI hukata, na saiti kama hizo mara nyingi husomeka sawa pande zote.

Usiniamini bure. Weka mrija wa maji bila DNA, na praima ya mbele peke yake. Uchafu ukitokea, kesi imekwisha.

Baharia77
Mimi nina bendi mbili, zote juu. Moja ya praima zangu Tm 55, nyingine 66. Ni tatizo hilihili?

Bi_Jeli
Hapana, hilo lako ni la pengo. Joto linalomfaa mmoja linamlegeza mwenziwe, au linamruhusu mwingine ashike popote. Fungua uzi wako.

Mpwani_Kisauni
Nimejaribu usiku huu. Maji, praima ya mbele tu: uchafu upo. Ya nyuma tu: safi. Na aliyenitengenezea bado anataka nilipie nyingine!

Bi_Jeli
Agiza ya mbele tu. Toa T na C za mwisho, ongeza mbili za jini upande wa 5′, ubaki na 20. Iishie GGAGC.

Chumvi_Likoni
Si atumie enzaimu inayolala mpaka ipate joto?

Bi_Jeli
Itapunguza, maana nyingi hushikana mezani wakati unachanganya. Lakini mkia ni uleule. Kwa samaki wenye DNA haba sina hakika itamtosha.

Mpwani_Kisauni
Mwezi huu sina hela ya chochote. Kuna mwenye hiyo enzaimu hapa mjini, hata ya mirija 5?