Tupeane uzoefu: kuambia shule mnahama katikati ya muhula

mama_wawili_umoja
Hamjambo wenzangu. Mzee amepelekwa Nakuru kikazi na wanataka aanze wiki tatu kutoka sasa, na muhula ndio uko katikati. Kubwa yuko Gredi 5, mdogo PP2, wote private hapa Umoja. Waliowahi kuhama hivi, mliambia shule aje, na mlitoka na makaratasi gani?

baba_tatu
Sisi tulitoka Kayole tukaenda Machakos. Ripoti fomu na barua ya transfa yenye muhuri, basi. Hizo namba za kompyuta msiwasumbue walimu, shule mpya itajipanga.

ticha_mstaafu_eastlands
@baba_tatu kwa wa PP2 inaweza kupita, kwa wa Gredi 5 hapana. Nimekaa kwa ofisi ya dipyuti miaka mingi na watoto waliorudishwa kwangu walikuwa na barua nzuri kabisa, shida ni jina lilikuwa bado limeshikwa na shule ya zamani kwa NEMIS, ule mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi. Shule mpya ikijaribu kumwingiza, mfumo unasema ako kwingine. Lazima ya zamani imuachilie kwanza, na hiyo inafanywa na mwenye login ya shule, barua peke yake haimwachilii mtu.

Halafu kuna namba ya KNEC, ile alipewa akiwa Gredi 3. Hiyo anatembea nayo. Ukifika Nakuru bila hiyo namba na mtu mwenye haraka amsajili upya, anakuwa na namba mbili na alama zake za Gredi 4 zinabaki kwa ile ya zamani. Hutajua mpaka akiwa Gredi 6, juu hizo alama za darasani za 4 na 5 zinahesabiwa pamoja na KPSEA.

mama_wawili_umoja
Woi, hiyo ya namba sikuijua hata kidogo. Sasa barua niandike nini mwalimu?

ticha_mstaafu_eastlands
Kwanza tafuta nafasi Nakuru na uombe wakuandikie kwamba wamemkubali, kwa sababu swali la kwanza la mwalimu mkuu ni "anaenda wapi". Kisha andika ukurasa mmoja tu, kila mtoto barua yake. Weka jina vile liko kwa cheti cha kuzaliwa, gredi, namba ya UPI, namba ya KNEC kwa huyo mkubwa, siku ya mwisho darasani, na shule anayoenda. Omba vitu kwa majina: barua ya transfa, ripoti za nyuma, na aachiliwe kwa mfumo wa wizara kabla ya tarehe fulani. Chapisha nakala mbili, moja wapige muhuri wa kupokea ukae nayo. Ukiongea kwa mdomo tu pale geti, wiki ijayo hakuna mtu anakumbuka.

shiru_k
Jina hapo ni kweli jameni. Wangu shuleni aliingizwa na jina la baba mbele, cheti kina jina la babu, tulienda na kurudi Thika mara tatu juu ya hiyo herufi. Angalia hiyo kitu ukiwa bado Nairobi.

otis_kasarani
Transfa ni headache! Mimi niliomba TSC nihamie karibu na wazazi, nimengoja miaka miwili, nikiandika wananiambia hakuna wa kubadilishana naye.

shiru_k
@otis_kasarani pole ndugu, lakini hapa tunaongea watoto 😂

mama_wawili_umoja
Na fii? Nimebaki na deni la 8,500 na basa ameshasema hakuna barua mpaka nimalize muhula wote.

baba_tatu
Mlipe tu mpate amani.

njeri_wa_pipeline
Soma fomu ulisaini siku ya kumwandikisha. Yangu ilisema notisi ya muhula mzima, sikuwa nimeisoma, nikakaliwa. Nilienda kwa dairekta mwenyewe, si basa, nikalipa nusu kwa M-Pesa, nyingine tukaandikiana nilipe kwa miezi miwili, akatoa barua siku hiyo. Ile kitu sikuuliza ni NEMIS, ikaachiliwa baada ya wiki tano na mtoto alikuwa anakaa darasani kama mgeni.

ticha_mstaafu_eastlands
Kwa hivyo mkiandikiana, siku ya kumuachilia kwa mfumo iandikwe pia. Wakikataa kabisa, ofisi ya elimu ya sub-county inaweza kuwapigia, hata kama ni private. Nenda na ile nakala ya muhuri. Na rudisha vitabu vya shule mapema, kitabu kimoja cha Hisabati kimeshawahi kushikilia klirensi ya mtu siku tatu.

mama_wawili_umoja
Sawa, nimeona fomu, yangu inasema "notisi ya kutosha", sasa hiyo ni wiki ngapi? Kesho nampata dairekta saa nne.

njeri_wa_pipeline
Hiyo "ya kutosha" kila shule inaisoma kivyake. Usianze na wewe kutaja wiki.