Mikakati miwili, faida karibu sawa: nichague kwa kugawa faida kwa anguko kubwa?

chati_ya_asubuhi
Wakuu, naomba mawazo yenu. Mwezi ujao naanza kuendesha mkakati mmoja wa kutrade kwa pesa halisi, na nimebakiza miwili. A unatoa 18% kwa mwaka na anguko lake kubwa kuliko yote, kutoka kilele hadi chini, ni 9%. B unatoa 17%, anguko kubwa 22%. Nikigawa faida kwa anguko, A unapata 2.0 na B 0.77. Nichukue A tu, au kuna kitu sijakiona?

LotiNzito
Mkuu, hapo hakuna mjadala. Chukua A, kisha ongeza loti mara mbili. Anguko litafika kama 18%, bado chini ya B, na faida itakuwa 36%. Uzuri wa uwiano huu ndio huo: unakuonyesha nani ana nafasi ya kuongezewa loti.

hesabu_safi
Msimharakishe. Kuna maswali matatu kwanza. Data za kila mkakati ni za kuanzia lini hadi lini? Anguko limepimwa kwenye salio baada ya biashara kufungwa, au kwenye thamani ya akaunti pamoja na hasara zinazoelea? Na A unafanya nini bei ikienda kinyume?

chati_ya_asubuhi
Samahani, nilisahau. A nimeujaribu 2022 hadi mwisho wa 2023, B ni 2017 hadi mwisho wa 2023. Anguko la A nimelitoa kwenye ripoti ya MT5, mstari wa `Balance Drawdown Relative`. La B nimelikokotoa mwenyewe kwa thamani ya akaunti ya kila siku. A hununua bei ikishuka, ikizidi kushuka unaongeza, hadi mara nne. B hufuata mwelekeo wa soko na una stopu.

hesabu_safi
Basi hizo namba mbili hazilinganishwi kabisa. Mkakati unaoongeza loti kwenye hasara haufungi biashara mpaka bei irudi. Salio linapanda taratibu kama ngazi, wakati chini yake akaunti inaelea kwenye hasara ambayo salio halioni. Soma `Equity Drawdown Relative` kwenye ripoti hiyohiyo. Mistari hiyo miwili ikitofautiana sana, ujue hasara imefichwa kwenye biashara zilizo wazi.

La pili ni muda. Anguko kubwa ni tukio moja tu, baya kuliko yote yaliyotokea. Ukiongeza miaka linaweza kukua au kubaki palepale, kupungua haliwezi. Kwa hiyo B umeadhibiwa kwa kupimwa miaka 7, ikiwemo Machi 2020, na A umesamehewa. Kata zote kwenye dirisha moja, kisha pitisha kwenye hesabu moja:

```python
kilele = equity.cummax()
anguko = (1 - equity / kilele).max()
miaka = (equity.index[-1] - equity.index[0]).days / 365.25
faida = (equity.iloc[-1] / equity.iloc[0]) ** (1 / miaka) - 1
print(faida, anguko, faida / anguko)
```

`equity` iwe `Series` ya pandas yenye tarehe kwenye index, na iwe thamani ya akaunti ya kila siku, si ya mwisho wa mwezi.

Bi_Takwimu
Hilo la kila siku msilipuuze. Mfano ambao kila mtu anaweza kuukagua ni S&P 500 mwaka 2020. Kwa bei za kufunga za kila siku, kutoka 19 Februari hadi 23 Machi ilishuka karibu 34%. Ukichukua bei za mwisho wa mwezi tu, kutoka Desemba 2019 hadi Machi 2020, unaona 20%. Soko ni lilelile, ila uwiano unapanda kwa zaidi ya nusu kwa sababu tu ulichungulia mara chache.

mtulivu_88
Mimi nina mkakati wa dhahabu, `Recovery Factor` yake kwenye MT5 ni 6. Hiyo ni nzuri kuliko 2.0 ya A?

hesabu_safi
Ni kipimo kingine, ndugu. Hiyo hugawa faida yote ya kipindi kizima, si ya mwaka mmoja, kwa hiyo hukua kadiri miaka inavyoongezeka. B kwa 17% miaka 7 ni takriban 200% jumla, ukigawa kwa 22% unapata 9. Ni mkakati uleule wenye 0.77.

chati_ya_asubuhi
Nimerudia. Dirisha la 2022 na 2023, thamani ya kila siku: A 18% na anguko 19%, uwiano 0.95. B 16% na anguko 13%, uwiano 1.23. Kisha nikaurudisha A hadi 2017. Faida imeshuka hadi 14% kwa mwaka, na anguko ni 41%, lote la Machi 2020. Uwiano 0.34. Sikutegemea kabisa.

Bi_Takwimu
Angalia kilichotokea siku hizo biashara kwa biashara. Mkakati wa aina hii kwa kawaida hujaza ngazi zote nne katika siku chache za mwanzo, soko likiwa halijafika hata nusu ya safari. Kuanzia hapo hauna cha kuongeza wala stopu, unashuka na loti kamili. Kwenye jaribio bei ilirudi, kwa hiyo biashara zikafungwa na faida na salio likaonekana safi. Kwenye akaunti halisi dalali anaangalia dhamana iliyobaki, na ikipungua anafunga biashara kwa nguvu hapo chini kabisa. Hiyo 41% inakuwa hasara ya kweli, na ili kuirudisha unahitaji karibu 70%.

LotiNzito, ungeongeza loti mara mbili hapo, akaunti ingekuwa imekwisha.

LotiNzito
Nakubali kwa A. Lakini hoja ya kurekebisha loti bado ipo.

hesabu_safi
Ipo, na ndiyo njia bora ya kuusoma uwiano huu. Sema unavumilia anguko la 15% tu. B unapunguza loti hadi 15/22, yaani 68%, faida inabaki kama 11.6%. A unapunguza hadi 15/41, yaani 37%, unabaki na kama 5%. Ni makadirio, kwa sababu faida juu ya faida haipungui kwa mstari ulionyooka.

sharpe_kwanza
Kipimo kinachotegemea tukio moja si cha kuaminiwa. Tumieni Sharpe, inagawa faida kwa kuyumba kwake na inasoma kila siku ya data.

Bi_Takwimu
Sharpe huenda ingeupendelea A wakati wa 2022 na 2023, maana faida zake ni ndogo na za kila mara. Haioni mpangilio wa hasara: siku kumi mbaya zikifuatana au zikitawanyika, jibu lake ni lilelile.

sharpe_kwanza
Na uwiano wenu ungebadilika kwa siku mbili tu za Machi. Changanya mpangilio wa biashara mara 1,000 uone anguko linavyoyumba.

hesabu_safi
Kwa B sawa. Kwa A usichanganye biashara mojamoja, kwa sababu zile nne hufunguliwa pamoja na kuumia pamoja. Chukua vipande vya wiki kadhaa vya thamani ya akaunti, uvichanganye hivyo.

mtulivu_88
Kwa nini asiendeshe zote mbili, nusu kwa nusu?

chati_ya_asubuhi
Nimelifikiria hilo. Anguko litakuwa wastani, yaani kama 31%?

hesabu_safi
Hapana, wastani hautumiki hapo. Jumlisha thamani za kila siku za akaunti zote mbili kwanza, ndipo utafute anguko. Kama B ulikuwa unapata faida A ulipozama, litakuwa dogo zaidi. B ulikuwa upande gani Machi 2020?

chati_ya_asubuhi
Anguko la B la 22% ni la 2018. Machi 2020 sijaangalia, nitaleta.

LotiNzito
Leta na idadi ya biashara za B. Kama ni 60 tu kwa miaka 7, hata hiyo 0.77 mimi siiamini.