Wakuu, VPN gani inashusha ping na kufungua NAT? Niko Kigoma, naombeni ushauri wa haraka

KijanaWaMwanga: Habari za jioni wakuu. Niko huku mwisho wa reli, nina kibanda cha PS4 maeneo ya Mwanga. Shida yangu ni eFootball onlaini, nikitaka kucheza mechi ya kirafiki na mshikaji wangu wa Tabora inazungukaaa halafu inasema imeshindwa kuunganisha na mpinzani, na siku ikikubali basi mchezaji unambonyeza leo anapiga kesho. Ping inasoma 280 na VPN nimeweka kabisa. NAT imeandika Type 3. Nitajieni VPN ya kulipia inayoshusha ping na kufungua NAT, jumamosi nina jambo langu sitaki aibu. Kejeli sitaki tafadhali.

MzeeWaMigebuka: Jambo la jumamosi ni posa au ni gemu? Ziwa lote hilo hapo chini mnaliacha wageni wavue nyie mnabonyeza vidude. Halafu VPN mnazichezea tu, mmesahau TCRA walitoa tangazo oktoba 2023 kwamba anayetumia VPN atoe taarifa zake kabla ya tarehe 30? Shauri zenu.

SnaipaToronto: Achana na mzee. VPN inashusha ping, mimi ni shahidi, nacheza PUBG Mobile hapa Tabora na bila VPN haichezeki jioni. Kampuni za simu zinabana gemu, ukiwasha VPN hawaoni unachofanya wanakuachia. Chagua nchi iliyo karibu na seva ya gemu basi, kazi imeisha.

FundiWaya: KijanaWaMwanga kabla hujatajiwa jina lolote jibu maswali matatu. PS4 inapata intaneti kupitia nini? VPN imekaa kwenye kifaa gani? Na hiyo 280 umeisoma wapi?

KijanaWaMwanga: Mkuu intaneti ni 4G ya kawaida tu, iko fasta, video inacheza bila kukwama. Ninachohitaji ni jina la VPN, hayo mengine yako sawa.

FundiWaya: Hujajibu hata moja.

KijanaWaMwanga: Duh. Sawa, PS4 inakula hotispoti ya simu yangu ya Android. VPN iko kwenye hiyo hiyo simu, ya bure, imejichagulia Frankfurt. Sioni tatizo liko wapi, simu ndiyo inatoa intaneti kwa hiyo kila kitu kinapita humo humo.

FundiWaya: Hakipiti humo. Android ukiwasha VPN inafunika aplikesheni za simu yenyewe tu, vifaa vilivyoshika hotispoti vinatoka nje moja kwa moja kama vile VPN haipo. iPhone nayo ni hivyo hivyo. Ukitaka kuhakikisha, fungua ukurasa wowote unaoonyesha IP yako kwenye simu halafu fungua huo huo kwenye brauza ya PS4, simu itasema Ujerumani na PS4 itasema Tanzania. Maana yake VPN yako mpaka leo haijaigusa PS4, haijaipandisha wala haijaishusha. Ukilipia nyingine ukaiweka pale pale itakuwa ni hadithi ile ile ila kwa hela.

KijanaWaMwanga: Mbona nikiwasha naona unafuu? Na binamu yangu yuko Dar ana kadi ya benki nishamwambia alipie ya mwaka mzima kuna punguzo linaisha ijumaa. Siwezi kurudi kumwambia aache.

Kapuku_Asili: Wakuu hii chai, leteni vitafunwa. PS4 haikuonyeshi ping kwa namba popote, na eFootball inakupa vile vimistari tu vya ubora wa mtandao. Sasa 280 imetoka wapi? Mtu hana hela ya ruta ila ana hela ya VPN ya mwaka na punguzo linaisha ijumaa. Kesho atatokea mtu wa pili atataja jina la hiyo VPN na kiunganishi juu. Tumeshawaona hawa.

SnaipaToronto: 😂😂 Kapuku umemshika. Hata hilo jambo la jumamosi hasemi ni nini.

DadaKanyenye: Mimi nilishamshtukia kwenye "kejeli sitaki".

KijanaWaMwanga: Mnanionea. 280 nimepima kwa aplikesheni ya kupima spidi kwenye simu VPN ikiwa imewashwa. Na jumamosi ni mashindano, Kigoma kwa Tabora, vijana wameshanipa kiingilio cha elfu tano tano na hela nyingine nimenunulia pedi mbili mpya. Ndo maana sikutaka kusema, kuna wateja wangu wanasoma humu. Umeridhika?

Kapuku_Asili: Elfu tano tano za watu umenunulia pedi halafu mtandao huna. Sijaridhika ila endelea, inanoga.

FundiWaya: Chai au si chai, swali lenyewe lina faida kwa wengine. Hiyo 280 ni ping ya simu kwenda Ujerumani na kurudi, PS4 haihusiki. Sasa sikia mechi yako inavyosafiri. Mechi ya kirafiki ya watu wawili konsoli zinaongea zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo hakuna seva ya kuisogelea, kinachohesabika ni njia kati yako na Tabora. Kwa laini za simu data yako karibu kila mara inashuka Dar kwanza ndo inapanda Tabora. Tuseme Kigoma na Dar kwenda na kurudi 40, Dar na Tabora 40, jumla 80, inachezeka. Sasa weka Frankfurt katikati kwa VPN inayofanya kazi kweli: wewe mpaka Frankfurt 190, Frankfurt mpaka Tabora 190, umefika 380. Hapo hakuna jina la VPN litakalokuokoa, hata iwe ya dhahabu, mwanga ndani ya faiba unakula kama milisekunde 1 kwa kila kilomita 100 za kwenda na kurudi.

SnaipaToronto: Mbona mimi inanishushia? Unasema naota?

FundiWaya: Huoti. Wewe unacheza na seva iliyokaa sehemu moja, hiyo ni kesi nyingine. VPN inashusha ping pale ambapo kampuni yako inaipeleka data njia ya mzunguko. Nilishaona gemu la seva ya Johannesburg, ukipiga `tracert` unaona inatoka Dar inapanda Marseille kwanza ndo inashuka Afrika Kusini, inasoma 290. Kuweka VPN yenye mlango Nairobi ikasoma 120, kwa sababu kutoka Nairobi wao walikuwa na njia ya moja kwa moja. Kanuni yake ni kujumlisha, wewe mpaka VPN na VPN mpaka seva, jumla ikiwa ndogo kuliko njia ya kawaida umepata, ikizidi umeliwa. Kubanwa kupo, ila ukiwa umebanwa dalili ni pakiti kupotea na kuyumba saa fulani, siyo namba kubwa iliyotulia saa zote.

KijanaWaMwanga chomeka simu kwenye laptopu kwa USB, zima VPN, pinga anwani ya ile seva yao ya Frankfurt halafu weka majibu hapa. Laptopu ya kuazima inatosha.

```
ping -n 50 ANWANI_YA_SEVA
```

KijanaWaMwanga: Nimeazima kwa jirani wa steshenari. Imeleta hivi

```
Minimum = 186ms, Maximum = 412ms, Average = 231ms
```

FundiWaya: Safi. 186 ndiyo barabara, hiyo haipungui. Kutoka 186 mpaka 412 ni kuyumba, na kwa hotispoti mara nyingi kunaanzia kati ya simu na mnara au mnara ukiwa umejaa watu. VPN inapanda juu ya hewa hiyo hiyo kwa hiyo haikutibu. Rudia saa nane usiku, ikitulia karibu na 190 ujue mnara wako jioni unazidiwa. Ndo unafuu uliokuwa unauona labda, saa zilikuwa tofauti.

DadaKanyenye: Na mimi niulize langu. Nyumbani Tabora tuna faiba, PS4 ya mume wangu ilikuwa Type 2, akaweka VPN ndani ya ruta ili aangalie mechi za nje, tangu hapo imekuwa Type 3 na hawezi hata kuongea na wenzake kwenye pati. Nikamwambia ni adhabu.

FundiWaya: Dada umemjibu KijanaWaMwanga bila kujua. VPN nyingi za biashara zinawarundika wateja kwenye IP moja na hazikufungulii poti, kwa hiyo umeongeza NAT nyingine juu ya ile uliyonayo. VPN inafungua NAT ikiwa tu inakupa poti, au umekodi seva yako mwenyewe yenye IP yako. Mwambie shemeji aitoe PS4 kwenye VPN, ruta nyingi zinaruhusu kifaa kimoja kipite nje.

Kwa KijanaWaMwanga, laini ya simu iko nyuma ya NAT ya kampuni, yaani wateja wengi mnatoka nje kwa IP moja. PS4 ikiongea na seva ya gemu inapewa poti moja, ikigeuka kuongea na Tabora inapewa nyingine. Tabora anaambiwa atume kwenye ile ya kwanza, anatuma, haifiki. Ndo kule kuzunguka kwako. Type 3 yenyewe haipandishi ping, inakunyima kuunganishwa tu. Huko Tabora mshikaji anatumia nini?

KijanaWaMwanga: Ana faiba na ruta. Inasema Type 2.

FundiWaya: Basi dawa iko kwake. Upande mmoja ukiwa wazi kabisa, wa Type 3 anaingia. Ila Type 2 siyo zote ziko wazi, aingie kwenye ruta awashe UPnP, ile inayoiruhusu PS4 ijifungulie poti yenyewe, azime na kuwasha PS4. Kabla ya hapo atazame anwani ya WAN kwenye ruta, ikianzia 100.64 mpaka 100.127 naye yuko nyuma ya NAT ya kampuni kama wewe, hapo aombe IP ya umma kwa kampuni yake, wengine wanatoa kwa malipo wengine hawatoi.

MzeeWaMigebuka: Maneno yote haya kwa ajili ya mpira ambao hata jasho hautoi.

KijanaWaMwanga: Mrejesho. WAN yake ni ya kawaida, UPnP ilikuwa imezimwa, amewasha na tumeunganika usiku huu mara ya kwanza tu. Vimistari vimejaa. Ila jioni saa moja tulivyojaribu bado inakata kata, na mashindano yameandikwa saa kumi na moja mpaka saa mbili. Binamu kashalipia VPN. Nikiipitisha kwenye laptopu kwa waya mpaka PS4 si itasaidia hata kidogo? Hela imeshatoka.

FundiWaya: Kuipitisha unaweza, `ncpa.cpl`, fungua Properties ya VPN, Sharing, chagua waya wa PS4, itapata anwani ya 192.168.137. Lakini utarudi kwenye ile 380 na poti hujapewa. Tumia hela kwa laini ya kampuni nyingine upime saa hizo hizo za jioni, au sogeza mashindano yawe asubuhi.

KijanaWaMwanga: Asubuhi vijana wako shule na sokoni mkuu. Nitajaribu VPN kwanza, ina Nairobi pia.

FundiWaya: Nairobi angalau pima, wewe 60 na Tabora 60 siyo mbaya. Mnara hautabadilika lakini.

Kapuku_Asili: Mimi niko Ujiji. Jumamosi nakuja na elfu tano yangu nione hilo banda lipo kweli.