Usajili umekataa mara 3, kadi imekatwa mara 3. Hizi pesa zarudi lini?

Mama_Dera, Jumamosi saa 2:10 asubuhi

Assalam aleikum wenzangu. Nashona madera hapa Kibokoni na jana usiku nilikuwa najisajili kwenye tovuti moja ya nje ya kufungulia duka la mtandaoni. Ada ya mwanzo dola 39. Nikaweka kadi yangu ya benki, ile ya kawaida inayotoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti. Ikagoma. Nikajaribu tena, ikagoma. Mara ya tatu pia wapi.

Asubuhi nafungua programu ya benki nakuta mistari mitatu, kila mmoja KES 5,187, ubavuni imeandikwa `PENDING`. Jumla 15,561. Nilikuwa na 21,400, sasa naambiwa ninazoweza kutumia ni 5,839. Kodi ya nyumba ni 12,000, na mwenye nyumba wangu tarehe tano ikifika ndiye huyo mlangoni.

Akaunti sikufunguliwa, barua pepe sikupata. Nimeibiwa au nimezuiliwa? Na kama nimezuiliwa, mpaka lini?

Bakari_wa_Feri, saa 2:31 asubuhi

Dada, usihangaike. Chukua ule ujumbe wa muamala uutume kwa 456, watarudisha. Mimi nilimtumia mtu wa Likoni 3,000 kwa makosa zikarudi siku ileile.

Mama_Dera, saa 2:35 asubuhi

Kaka Bakari, shukran, lakini hiyo ni ya M-Pesa. Hizi zimetoka kwenye kadi ya benki.

Bakari_wa_Feri, saa 2:36 asubuhi

Aa, nimesoma mbiombio. Samahani.

Kijana_Nyali, saa 3:02 asubuhi

Hiyo ni kawaida. Pesa haijatoka, imeshikiliwa tu. Inarudi ndani ya saa 24 mpaka siku 3, mimi imenitokea mara nyingi. Ila pigia benki sasa hivi wafunge hiyo kadi, ukifunga kadi hizo pending zinakufa zote. Halafu jaza fomu ya kupinga malipo.

Kaunta_Namba_Nne, saa 4:20 asubuhi

Nimekaa dawati la kadi za benki miaka kadhaa kabla sijaacha kazi, kwa hiyo wacha nimsahihishe kijana wetu kidogo. Kwamba pesa imeshikiliwa, hapo amesema kweli. Hayo mengine hapana.

Mama Dera, fungua tena programu yako uangalie salio mbili. Kuna `Available balance` na kuna `Actual balance`. Nadhani ya pili bado yasoma 21,400. Kama ni hivyo, hakuna shilingi iliyotoka. Tovuti iliuliza benki yako, "huyu ana dola 39?" Benki ikajibu anazo, ikatoa nambari ya idhini na kuziweka kando zisiguswe. Kisha tovuti yenyewe ikakataa kukusajili kwa vipimo vyake. Pengine sanduku la posta halikulingana, pengine iliona umeingia kutoka nchi nyingine. Benki imesema ndiyo, tovuti imesema la, na pesa ikabaki katikati. Kila ulipobonyeza tena, benki iliulizwa upya na kuzuia upya.

Kufunga kadi hakuachilii kitu. Kizuizi kiko kwenye akaunti, kadi ni njia tu iliyotumika kukiweka. Utabaki bila kadi na pesa bado zimefungwa. Fomu ya kupinga nayo watakurudishia, kwa sababu haupingwi muamala ambao haujakamilika.

Sasa lini. Kizuizi huondoka kwa njia mbili. Ya kwanza, muuzaji atume ujumbe wa kukifuta, na benki ikiupokea huachilia baada ya saa chache au siku moja mbili. Ya pili, muuzaji anyamaze, basi benki husubiri muda wake uishe. Benki nyingi huweka kama wiki moja, lakini nimeona za kukaa mpaka siku 30. Muda huo hupangwa na benki yako, ndiyo maana yako na ya Kijana_Nyali haziwezi kulingana.

Nakuuliza jambo moja kabla hatujaendelea: zile mara tatu, zote zilikwambia maneno mamoja?

Mama_Dera, saa 4:48 asubuhi

Mzee wangu, kweli, hiyo nyingine yasoma 21,400! Moyo umerudi mahali pake.

Mbili za kwanza zilitoa maandishi mekundu, `Your payment could not be processed`. Halafu mwanangu akaniambia simu ina VPN, tukaizima. Ya tatu haikutoa neno, ilizunguka tu, ikizunguka, mara stima ikapotea na waifai ikaenda nayo. Nikalala kwa hasira.

Kaunta_Namba_Nne, saa 5:05 asubuhi

Hiyo VPN yaweza kuwa ndiyo iliyoziua mbili za kwanza. Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi. Kukataliwa ni jambo moja na kutojibiwa ni jingine. Usiihesabu na wenzake.

Waandikie muuzaji leo. Usiseme tu "nirudishieni pesa", maana watakujibu kwamba hawajachukua kitu, na kwa upande wao ni kweli. Waambie wafute idhini ambazo hazikukamilika. Wape tarehe, saa, dola 39 na tarakimu nne za mwisho za kadi. Nambari nzima ya kadi usimpe mtu yeyote, hata akijiita meneja. Pia piga benki uwaombe nambari za idhini za mistari yote mitatu, huwa na herufi au tarakimu sita. Ukiwa nazo na barua ya muuzaji kwamba hatachukua, benki yaweza kuachilia kwa mkono.

Shangazi_Kisauni, saa 7:15 mchana

Mimi yangu ilikuwa hoteli ya Diani. Tulipofika wakazuia 20,000 eti ya dhamana, tukaondoka tumelipa kila kitu taslimu, na ile 20,000 ikakaa wiki tatu kasoro. Nilikuwa nangoja ujumbe wa kusema nimerudishiwa. Haukuja. Siku moja naangalia salio, iko kamili. Mpaka leo sijui ilirudi saa ngapi.

Kaunta_Namba_Nne, saa 7:40 mchana

Shangazi umetaja jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kizuizi kikiondoka hakiandiki "umerudishiwa". Ule mstari hupotea tu kana kwamba haukuwahi kuwapo, na salio la kutumia hupanda. Ukingoja ujumbe utangoja mpaka kiama. Na hurudi senti kwa senti, kiwango cha dola hakiingii, kwa sababu hakuna kilichonunuliwa.

Kijana_Nyali, saa 8:01 mchana

Sawa mzee, nimekubali ya kadi. Lakini kwa nini benki isiachilie tu mtu akipiga simu? Pesa ni yake.

Kaunta_Namba_Nne, saa 8:22 mchana

Kwa sababu benki imeshamwahidi muuzaji. Ikiachilia leo, Mama Dera alipe kodi, kesho muuzaji alete dai lake, benki italilipa na akaunti itaingia hasi. Hata kizuizi kilichoisha chenyewe, dai laweza kuja kwa kuchelewa. Si mara nyingi, lakini nimeyaona. Ndiyo maana barua ya muuzaji ina uzito kuliko maneno yako kwenye simu.

Mama_Dera, Jumatatu saa 11:30 jioni

Wenzangu, habari. Muuzaji amejibu kwamba kwa barua pepe yangu hawaoni akaunti wala malipo yoyote. Benki wamenipa nambari za idhini baada ya kuniweka kwenye laini dakika 25 nikisikiliza muziki. Mistari bado mitatu.

Kaunta_Namba_Nne, Jumatatu saa 12:10 jioni

Waambie wasitafute kwa barua pepe. Watafute kwa tarakimu nne za kadi, kiasi, saa, na zile nambari za idhini.

Mama_Dera, Jumatano saa 1:20 asubuhi

Subhanallah. Nimeamka, mistari miwili imepotea, kimya kimya kama alivyosema Shangazi. Lakini wa tatu sasa hauna tena `PENDING`. Una tarehe, na kiasi si 5,187 tena, ni 5,214! Salio zote mbili zasoma 16,186. Kodi nitalipa, alhamdulillah. Lakini hii 27 ya juu imetoka wapi, na kwa nini huyu hakupotea na wenzake?

Kaunta_Namba_Nne, Jumatano saa 1:55 asubuhi

Huo si kizuizi tena, huo ni ununuzi. Dalili unazo mwenyewe: `PENDING` imeondoka, salio halisi limeshuka kutoka 21,400, na kiasi kimebadilika. Siku ya kuzuia, benki ilikadiria dola kwa kiwango cha siku hiyo. Dai lilipofika likahesabiwa upya, na 27 ndiyo tofauti.

Maana yake usajili wa tatu ulifaulu. Tovuti ilimaliza kazi yake, ila jibu halikukufikia kwa sababu ya stima. Kinachobaki ni barua pepe. Hebu angalia simu uliyotumia, kwenye maneno inayojaza yenyewe, uliandikaje anwani yako.

Mama_Dera, Jumatano saa 2:30 asubuhi

Aibu yangu. Imeandikwa gmial.com. Mara mbili za kwanza niliandika mwenyewe sawasawa, ya tatu aliandika mwanangu kwa haraka.

Kijana_Nyali, Jumatano saa 2:41 asubuhi

Sasa ndiyo ajaze ile fomu ya kupinga, au bado nimekosea?

Kaunta_Namba_Nne, Jumatano saa 3:00 asubuhi

Sasa fomu yakubalika, lakini amwendee muuzaji kwanza. Huduma ipo, imefunguliwa kwa jina lake. Akisema hakuinunua, muuzaji ataonyesha akaunti na mama atashindwa. Achague: warekebishe barua pepe aitumie, au waifute na kumrudishia. Akirudishiwa, safari hii ataona mstari mpya wa pesa kuingia, baada ya siku kadhaa za kazi, na kwa kiwango cha dola cha siku hiyo. Yaweza isiwe 5,214 kamili.

Mama_Dera, Alhamisi saa 10:05 jioni

Nimewaandikia warekebishe barua pepe, maana duka nilikuwa nalitaka toka mwanzo. Wamejibu lazima nithibitishe kwanza kwamba anwani ile ya zamani ni yangu, wametuma nambari ya siri huko. Huko gmial! Nimewaeleza tena, nangoja.

Bakari_wa_Feri, Alhamisi saa 10:12 jioni

Dada, hilo duka likifunguka, dera la mama yangu ni saizi kubwa, rangi ya samawati. Nalipa kwa M-Pesa.